Kutoa sura moja kwenye kitabu kilichoskaniwa, namba za kurasa zinapopishana

Binti mmoja wa chuo alikuja dukani kwangu hapa Ngamiani, Tanga, flashi ikining'inia shingoni. "Kaka, naomba unitolee sura ya sita, ukurasa wa 97 mpaka 126." Nikafungua faili, nikaandika 97-126 kwenye dirisha la kuprinti, karatasi zikatoka, akalipa, akaenda zake. Kesho yake alirudi kabla sijamaliza kufagia kibaraza.

"Kaka, hizi sizo. Umenipa za nyuma."

Kweli bwana. Karatasi zilianza na ukurasa wa 81, katikati ya sura ya tano, zikakomea wa 108. Tena kurasa za 104 na 105 zilikuwemo mara mbili, jozi moja imefifia kama imepigwa picha ndani ya basi. Karatasi 30 za bure, na hasara ni yangu, maana binti alisema sawasawa anachotaka. Mimi ndiye niliyempa kompyuta namba isiyoielewa.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha zamani, habari za reli ya Tanga kwenda Moshi, ile iliyoanza kujengwa hapa mjini mwaka 1893. Nitakitumia hichohicho kuonyesha kazi inavyofanywa, kwa sababu kilikuwa na karibu kila kasoro unayoweza kukutana nayo.

Namba mbili za ukurasa mmoja

Kila ukurasa wa kitabu kilichoskaniwa una namba mbili. Ya kwanza ni ile iliyochapwa kwenye karatasi, juu pembeni au chini katikati. Hiyo nitaiita namba ya kitabu. Ya pili ni zamu ya ukurasa ndani ya faili, kuanzia picha ya kwanza kabisa, ambayo kwa kawaida ni jalada. Hiyo nitaiita namba ya faili. Mwanafunzi, mwalimu na orodha ya yaliyomo wanazungumza kwa namba ya kitabu. Programu za kukata na kuprinti karibu zote zinasikia namba ya faili tu.

Ukichukua namba ya faili ukatoa namba ya kitabu, unapata pengo. Kwenye kitabu cha reli, faili lilikuwa na kurasa 268. Ya 1 na ya 2 zilikuwa jalada na sehemu yake ya ndani. Halafu zikaja kurasa za mwanzo zenye namba za Kirumi, i mpaka xii, ambazo kwenye faili ni 3 mpaka 14. Ukurasa wa 1 wa kitabu ukaangukia namba ya 15 ya faili. Pengo 14.

Hizo namba za Kirumi zina sababu yake. Zamani matini ya kitabu ilipangwa na kuchapwa kwanza, kisha dibaji na orodha ya yaliyomo vikaja mwishoni, wakati namba za matini zimeshakaa. Ndiyo maana zilipewa hesabu yao peke yake, na desturi ikabaki.

Watu wengi wakishajua hapo huona wamemaliza: jumlisha 14, kata, toa. Ningefanya hivyo siku ile ningetoa faili la 111 mpaka 140, ambalo ni ukurasa wa 95 mpaka wa 120 wa kitabu. Bado ningekosea, kwa sababu pengo halikai palepale kitabu kizima.

Pima ncha mbili, usipime moja

Usianze kupima ukurasa wa 1. Pima pale unapotaka kukata. Nenda kwenye ukurasa wa kwanza wa sura, soma namba iliyochapwa, kisha angalia programu inakwambia uko kwenye zamu ya ngapi. Kuna kikwazo kidogo hapa: ukurasa unaofungua sura mara nyingi hauchapwi namba. Usikisie, sogea mmoja mbele. Kwetu, ukurasa wa 98 ulikuwa kwenye faili 114. Kwa hiyo wa 97 ni 113, na pengo la hapo ni 16.

Kisha fanya vivyo hivyo kwenye ukurasa wa mwisho. Wa 126 nilitarajia kuukuta kwenye 142, yaani 126 jumlisha 16. Nilipofika 142 nikasoma 122. Nikasogea mpaka nikaupata kwenye 146. Pengo la mwisho ni 20.

Mapengo ya ncha mbili yakilingana, kuna matumaini mazuri kwamba katikati ni salama. Yasipolingana, kuna kitu ndani ya sura yako, na inakupasa ukijue kabla ya kukata. Ukikata 113 mpaka 146 bila kuangalia, utapata kurasa 34 za sura yenye kurasa 30, na hizo nne za ziada hujui ni nini.

Kutafuta pengo linaporuka

Usipitie ukurasa mmoja mmoja. Gawa nusu. Katikati ya 97 na 126 ni kama 111, nikaenda faili 127, ambapo wa 111 ungekuwepo kama pengo lingekuwa bado 16. Nikasoma 109. Pengo hapo ni 18. Kumbe kuna kuruka mara mbili: mara moja kabla ya hapo, kutoka 16 kwenda 18, na mara nyingine baadaye, kutoka 18 kwenda 20.

Nikarudi nusu ya kwanza. Faili 119 lilisema 103, pengo 16, sawa. Faili 122 likasema 104, pengo 18. Basi tatizo liko kwenye 120 na 121. Nikazifungua: zilikuwa 104 na 105, zimefifia, na baada yake 122 na 123 zikawa tena 104 na 105, safari hii zinasomeka. Aliyeskani alipiga picha, akaona mkono umetikisika, akapiga tena, akasahau kufuta za kwanza.

Nusu ya pili nayo: faili 135 lilisema 115, pengo 20. Faili 130 lilisema 112, pengo 18. Kati yake, kwenye 131, palikuwa na picha ya daraja la reli, haina namba, na 132 ni mgongo wake mweupe. Picha za namna hii kwenye vitabu vya zamani zilichapwa kando, kwenye karatasi nyingine iliyo laini zaidi, kisha zikachomekwa kati ya kurasa wakati wa kushona. Hazikuhesabiwa pamoja na matini. Karatasi nyingine kama hiyo ilikuwa kati ya ukurasa wa 64 na wa 65, na ndiyo iliyokuwa imeshalipeleka pengo kutoka 14 hadi 16 kabla sijafika sura ya sita.

Ilinichukua kufungua kurasa saba au nane. Kupitia zote 34 nisingechelewa sana, lakini sura ya kurasa 120 ni habari nyingine.

Pengo linasema nini

Hapa ndipo penye manufaa makubwa kuliko kukata kwenyewe, na sijaona watu wengi wakipaangalia.

Karatasi ya kitabu ina pande mbili. Kwa hiyo kitu cha kweli kilichoongezwa ndani ya kitabu, kama ile picha ya daraja, kinaongeza pengo kwa mbili, au nne, au sita. Ukiona pengo limepanda kwa moja au tatu, sababu mara nyingi haiko kwenye kitabu, iko kwa aliyeskani. Ama ukurasa mmoja umeskaniwa mara mbili, ama mashine imefuta upande mweupe wa karatasi ya picha. Mashine nyingi za ofisini zina kipengele cha kuruka kurasa tupu, na watu hukiacha kimewashwa bila kujua.

Pengo likishuka, shtuka. Kitabu hakiwezi kupunguza kurasa zake chenyewe. Likishuka kwa mbili, karibu kila mara karatasi mbili ziligandana wakati wa kugeuza, na kurasa mbili zimekosekana. Vitabu vya huku pwani vinagandana sana kwa ule unyevu. Likishuka kwa moja, tazama kama ni ukurasa mtupu uliohesabiwa kwenye kitabu ila mashine ikauruka, mathalani ule unaoachwa wazi kabla ya sura mpya. Kama si mtupu, ni ukurasa uliopotea, na hakuna amri ya kompyuta itakayourudisha. Mwambie mteja mapema, umwonyeshe namba inayokosekana, atafute nakala nyingine.

Kuna hali moja ambayo kipimo cha ncha mbili hakiioni: kurasa mbili zimepotea na nyingine mbili zimerudiwa ndani ya sura ileile. Pengo litaonekana limetulia. Ndiyo maana nikishakata napitisha jicho kwenye picha ndogondogo za pembeni, nikisoma namba tu, bila kusoma maneno. Kwa sura ya kurasa 30 ni kazi ya dakika moja.

Programu inayokudanganya kwa nia njema

Mafaili mengine, hasa yaliyoandaliwa na maktaba kubwa, yamewekewa lebo za kurasa ndani yake. Mtayarishaji ameiambia faili kwamba ukurasa wa 3 uitwe i, wa 15 uitwe 1, na kuendelea. Ukifungua faili la namna hii kwenye Firefox, kisanduku cha namba kinaonyesha lebo, na pembeni yake utaona kitu kama `(113 of 268)`. Kilicho kisandukuni ni namba ya kitabu, kilicho kwenye mabano ni namba ya faili. Ya mabano ndiyo utakayoikata.

Ni msaada mzuri, ila usiiamini lebo bila kuangalia picha ya ukurasa. Lebo iliwekwa na mtu, na mtu huyo huenda aliweka hesabu mfululizo kuanzia ukurasa wa 1 bila kuziruka zile picha zisizo na namba. Hapo kisanduku kitasema 97 wakati karatasi inasema 95. Kinachotawala ni wino ulio kwenye karatasi.

Kukata

Kabla ya kuandika amri niliuliza swali moja nililojifunza kuuliza baada ya hasara: "Mwalimu anataka na maelezo ya sura?" Vitabu vingi vya historia vinaweka maelezo ya kila sura mwishoni kabisa mwa kitabu. Ya sura ya sita yalikuwa ukurasa wa 231 mpaka 233. Pengo la huko nililipima upya, lilikuwa bado 20, kwa hiyo ni faili 251 mpaka 253. Nikaongeza pia ukurasa wa jina la kitabu na mgongo wake, iii na iv, ambao kwenye faili ni 5 na 6. Mwanafunzi asiyekuwa na ukurasa huo atarudi wiki ijayo kuuliza kitabu kiliandikwa na nani na mwaka gani.

Mimi natumia programu ya bure iitwayo qpdf. Amri yake ni mstari mmoja:

```
qpdf kitabu.pdf --pages . 5-6,113-119,122-146,251-253 -- sura6.pdf
```

Nukta baada ya `--pages` maana yake ni "faili lilelile nililolitaja mwanzo". Vistari viwili vya mwisho vinafunga orodha ya kurasa, na watu huvisahau. Nimeruka 120 na 121, zile zilizofifia. Picha ya daraja nimeibakiza ndani, pamoja na mgongo wake mtupu, kwa sababu nitakayoieleza.

Hesabu kwanza kwa kichwa: 2 za jina, 7 za mwanzo wa sura, 25 zinazofuata, 3 za maelezo. Jumla 37. Kisha iulize kompyuta:

```
qpdf --show-npages sura6.pdf
```

Ikijibu 37, orodha uliyoandika ndiyo uliyokusudia. Haithibitishi kwamba kurasa zenyewe ni sahihi, kwa hiyo fungua faili uangalie sehemu tatu: ukurasa wa 3 wa faili jipya uwe na kichwa cha sura ya sita, wa 34 uwe 126, na wa 35 uwe mwanzo wa maelezo. Rudi pia kwenye kitabu kizima uangalie ukurasa wa 127. Kama sura mpya inaanzia hapo, umekata penyewe. Kama sentensi inaendelea, orodha ya yaliyomo ilikosea au uliisoma vibaya.

Kwa nini nimeubakiza ukurasa mtupu? Kwa sababu ya kuprinti mbele na nyuma. Kwenye kitabu, kurasa zisizogawanyika kwa mbili ziko kulia, mbele ya karatasi. Kwenye faili jipya, ukurasa wa 97 ni wa 3, nao utakaa mbele. Ningeutoa ule mweupe, wa 113 ungeangukia nyuma ya picha ya daraja, na kuanzia hapo kila kitu kingegeuka upande. Mtu anayeprinti upande mmoja anaweza kuutoa bila wasiwasi.

Kama huna qpdf, fungua faili kwenye Chrome, nenda kuprinti, chagua `Save as PDF`, na kwenye sehemu ya kurasa andika orodha ileile ya namba. Kwenye simu ya Androidi njia ni hiyohiyo, kuprinti kisha kuhifadhi kama PDF. Namba zinazotakiwa hapo ni za faili. Tofauti ni kwamba qpdf inachukua kurasa kama zilivyo, haizigusi picha, lakini njia ya kuprinti inatengeneza kurasa upya. Inaweza kuziweka kwenye ukubwa mwingine wa karatasi, ikaacha ukingo mweupe pembeni, na pengine maandishi yaliyokuwa yakitafutika yasitafutike tena. Kwa kusoma inatosha. Kwa kuhifadhi, mimi siitumii.

Kurasa mbili kwenye picha moja

Kuna mafaili ambayo aliyeskani alifunua kitabu akapiga picha kurasa zote mbili kwa pamoja. Hapo pengo linapungua kila ukifungua ukurasa, na unaweza kudhani faili limeharibika. Tumia nusu. Chukua namba ya ukurasa wa kushoto, ambayo hugawanyika kwa mbili, igawe, kisha pima pengo. Ikiwa 96 na 97 ziko kwenye faili 55, nusu ya 96 ni 48, pengo ni 7. Basi ukurasa wa 126 uko kwenye 63 jumlisha 7, yaani 70, pamoja na wa 127. Kwa ukurasa wa kulia, toa moja kwanza ndipo ugawe. Karatasi ya kwanza itakuja na mwisho wa sura iliyotangulia upande wa kushoto, na ya mwisho italeta mwanzo wa sura inayofuata. Kuzigawa picha hizo ni kazi nyingine, na kwa mtu anayetaka kusoma tu haina haja.

Andika pengo lilipo

Faili la binti nililiita `sura6_uk97-126.pdf`, ili namba ya kitabu isipotee, maana ndani ya faili jipya hesabu imeanza upya. Na kwenye daftari la dukani nikaandika mistari minne: ukurasa wa 1 mpaka 64, pengo 14; 65 mpaka 103, pengo 16; 104 mpaka 112, pengo 18; 113 mpaka 246, pengo 20. Wa 246 ndio wa mwisho wenye namba, uko kwenye faili 266, na zilizobaki mbili ni jalada la nyuma.

Siku mbili baadaye akaja mwenzake wa darasa hilohilo. Yeye alipewa sura ya nane, ukurasa wa 151 mpaka 178. Nilifungua daftari, nikajumlisha 20, nikaandika 171-198, nikaangalia ncha mbili, nikapitisha jicho kwenye namba za katikati. Alikuwa bado anatafuta chenji ya kulipia.